Wifi Amekuja, Waifai Imekwisha

Msimu wa korosho huku kwetu Chiungutwa, wilayani Masasi, ni msimu wa wageni pia. Kuanzia Oktoba ndugu walioko Dar es Salaam na Mtwara mjini hurudi kuangalia mikorosho yao, kisha hukaa kusubiri minada na malipo. Mgeni wa namna hii si yule wa siku mbili anayepewa jembe siku ya tatu. Jembe analo tayari, na chumba anacho. Kitu anachokuomba siku hizi, kabla hajamaliza maji uliyomkaribisha nayo, ni neno la siri la waifai.

Kwetu msimu uliopita mgeni alikuwa wifi, dada yake baba watoto, pamoja na kijana wake wa miaka 16. (Waandishi wa kamusi watuwie radhi, lakini katika habari hii wifi ni mtu na waifai ni mtandao.) Walifika mwanzoni mwa Oktoba, wakaondoka katikati ya Januari. Neno la siri tulimpa kwa moyo mmoja, na akija tena tutampa. Mtu anayefuatilia bei ya mnada wa korosho na kuwatumia habari ndugu wa Dar hawezi kuambiwa anunue bando lake wakati ruta imewaka sebuleni.

Ruta yetu ni ile ndogo ya kuwekewa laini ya simu. Kila tarehe 1 tunanunua bando la GB 30, nalo hututosha mwezi mzima: simu mbili za wazazi, kompyuta ya kazini ya baba, na simu ya zamani anayosomea binti yetu wa kidato cha tatu. Ni wastani wa GB 1 kwa siku. Basi tarehe 9 Oktoba ukaja ujumbe kwamba zimebaki GB 6. Yaani GB 24 zilikuwa zimekwenda kwa siku nane, GB 3 kila siku.

Sisi wauguzi tumefundishwa kwamba si kila homa ni malaria, hivyo mgonjwa hupimwa kwanza. Bando linaloisha upesi lina magonjwa mawili yanayofanana kwa nje. La kwanza ni kwamba wanaolitumia ni wengi kuliko unaowajua. La pili ni kwamba wanaolitumia ni wale wale, ila simu zao zinakula kupita kiasi. Kubadili neno la siri hutibu la kwanza tu. Ukilibadili huku ugonjwa ni wa pili, utamkera mgeni na bando litaendelea kuisha.

Kipimo chake ni rahisi. Chini ya ruta kuna karatasi iliyobandikwa yenye namba kama `192.168.8.1`. Nyingine huandikwa `192.168.0.1` au `192.168.1.1`. Simu ikiwa imeunganishwa na waifai ya nyumbani, fungua ile programu unayosomea kurasa za mtandao, uandike namba hiyo juu, mahali pa anwani. Utaulizwa neno la siri la msimamizi, nalo si lile la waifai. Ni la mwenye ruta. Ukishaingia, tafuta palipoandikwa `Connected devices` au maneno yanayokaribia hayo. Hapo utaona orodha ya kila simu na kompyuta iliyoshika mtandao wako wakati huo.

Tulifungua saa mbili usiku, watu wote wakiwa nyumbani, tukahesabu. Vyetu vilikuwa vinne, vya wageni wetu viwili. Jumla ilitakiwa kuwa sita. Orodha ilionyesha kumi.

Wale wanne walipatikana bila upelelezi. Ruta yetu tumeiweka dirishani kwa sababu hapo ndipo inapokamata vizuri mawimbi ya mnara, na dirisha hilo linatazama mwembe wenye benchi, hatua kama 15 tu. Vijana wa bodaboda hupumzika hapo. Kijana wa wifi alikuwa amepata marafiki, na simu za siku hizi zina kitufe cha `Share`: ukikibonyeza kinatoa picha ya mraba yenye madoadoa, mwenzako anaielekezea kamera, naye anaingia. Neno lenyewe halikutamkwa wala kuandikwa. Mmoja alimpa mwingine, yule akampa mwingine.

Hapa ndipo pa kuelewa neno la siri ni kitu gani. Pale zahanati ufunguo wa kabati la dawa tunakabidhiana zamu kwa zamu. Aliyeurudisha hana tena. Neno la waifai halirudishwi. Mgeni akiondoka analo kichwani, simu yake inalikumbuka, na kila aliyegawiwa analo vilevile. Njia ya kulirudisha ni moja, nayo ni kuliua na kuweka jingine.

Tena si suala la bando peke yake. Laini iliyo ndani ya ruta yetu imesajiliwa kwa alama za vidole za baba watoto, kama laini zote nchini. Tangu mwaka 2015 Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mtu asiyejulikana akikaa chini ya mwembe akasambaza picha chafu au kumtukana mtu kwa kupitia ruta hiyo, njia ya kumtafuta itaanzia kwenye laini yetu, na wa kwanza kuulizwa ni baba wa nyumba hii.

Baba alipendekeza tuwazuie wale wanne kwa majina, maana ukurasa wa ruta una sehemu hiyo. Dawa hiyo ni dhaifu. Simu nyingi za miaka ya karibuni huweza kujitambulisha kwa namba ya kubuni badala ya namba yake halisi, na mwenye simu akijua anaweza kuibadili akarudi kama mtu mpya. Tukaamua kutenganisha milango.

Katika ukurasa ule ule wa ruta kuna sehemu ya `Guest network`. Ukiiwasha, ruta moja inatoa waifai mbili, kila moja na jina lake na neno lake la siri. Moja tukaifanya ya nyumba, ya pili ya mgeni. Faida yake utaiona siku ya kubadili: unabadili ya mgeni, na simu ya binti yako haikatiki katikati ya masomo. Ruta nyingine huruhusu hata kupanga muda ambao mlango wa mgeni utajifunga wenyewe. Baadhi ya zile ndogo za mfukoni hazina mlango wa pili. Kwa hizo itabidi kubadili neno la nyumba nzima.

Usiku ule tulibadili neno la nyumba pia, kwa kuwa ndilo lililokuwa limetoka. Hilo huwekwa kwenye sehemu ya `Wi-Fi Settings`, na aina ya ulinzi iwe `WPA2` au `WPA3`. Neno lisipungue herufi nane. Sisi tulitumia maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana, yakiunganishwa, maana hukumbukwa upesi kuliko mchanganyiko wa alama. Jina la kijiji na mwaka havifai, kwa kuwa ndivyo jirani atakavyojaribu kwanza. Ukihifadhi, kila kifaa kinakatika. Simu nyingine hubaki ikilia kwamba neno si sahihi; bonyeza jina la waifai, chagua `Forget`, kisha ingia upya. Tulibadili na lile la msimamizi, lisibaki lile lililoandikwa kwenye karatasi chini ya ruta.

Orodha ikarudi sita. Kwenye benchi simu zikainuliwa juu kutafuta mawimbi.

Hata hivyo kwa siku tatu zilizofuata matumizi yalikuwa GB 2 kwa siku, na ndipo tulipojua kwamba ugonjwa wa pili nao ulikuwepo. Simu huichukulia waifai kama mtandao usio na kikomo. Mwenyewe akilala, simu inashusha matoleo mapya ya programu zake, inapeleka picha zake kwenye hifadhi ya mtandaoni, na inapakua video zote za makundi ya WhatsApp. Wifi hakuwa na kosa lolote. Kwenye simu yake tulibonyeza jina la waifai, tukatafuta matumizi ya mtandao, tukachagua `Treat as metered`, yaani simu ihesabu kwamba mtandao huu unanunuliwa kwa kipimo. Kwenye iPhone huitwa `Low Data Mode`. Yakashuka karibu na GB moja na nusu, na hiyo ni haki ya nyumba yenye watu wawili zaidi.

Sasa ratiba. Wapo wanaoshauri kubadili kila wiki. Sisi hatukubali. Anayebadili mno huishia kuweka neno rahisi na kuongeza 1, kisha 2, kisha 3, au kulibandika ukutani. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri kwamba maneno ya siri yasibadilishwe kwa sababu tu tarehe imefika, bali pale yanapojulikana kuvuja. Ushauri ule ulihusu akaunti za watu binafsi, ambapo neno ni la mtu mmoja. Waifai ya nyumbani neno lake ni la wengi, hivyo kuondoka kwa mmoja wao ni sababu tosha.

Kwetu neno la mgeni hubadilishwa siku anayoondoka. Akikaa zaidi ya mwezi, hubadilishwa pia tarehe 1, siku ya bando jipya, ili waliogawiwa kisirisiri wasilianze mwezi pamoja nasi. Neno la nyumba tunaligusa simu ikipotea au kuibiwa, msaidizi wa nyumbani akiacha kazi, au orodha ikionyesha kifaa tusichokijua. Bila sababu hizo hukaa hata mwaka.

Lililobaki ni ndoa na undugu. Neno likibadilika ghafla, wifi atajua amefungiwa mlango na mke wa kaka yake, na maneno yatafika kwa mama mkwe kabla ya jioni. Kwa hiyo aliyesema alikuwa kaka mtu, tena mwezi ukiwa bado haujaisha: "Dada, neno lako ni la mgeni. Kila tarehe 1 linafuliwa kama shuka, na mimi mwenyewe nitakuletea jipya."

Tarehe 1 Novemba asubuhi akaja jikoni ameshika simu. "Wifi, leo imekataa."

"Leo siku ya kufua, wifi. Kaka yako amekuandikia jipya, liko chini ya kikombe chako."

Alicheka, akaliandika. Mwezi ule bando lilifika tarehe 24, Desemba tarehe 25, na siku zilizosalia tuliongeza kidogo kwa kuchangiana naye. Siku alipopanda basi la Dar, baba alilibadili jioni ile ile, na orodha ikaonyesha vinne.

Jambo moja ruta haiwezi kulizuia. Nyuma yake kuna kitundu kidogo. Ukichomeka pini na kushikilia kama sekunde kumi, yote uliyoyaweka yanafutika, na maneno ya kwenye karatasi yanarudi kufanya kazi. Kwa sababu hiyo ruta yetu sasa inakaa chumbani kwetu, juu ya kabati.