Kwani Sasa Hivi Unalipwa Ngapi?

Alinipigia nikiwa ndani ya matatu pale Roysambu, makanga akinigongea bega anataka nauli. Dada wa kampuni ya kutafutia watu kazi, sauti tamu. Tuliongea vizuri kama dakika tano, kisha akauliza, "Na kwa sasa unalipwa ngapi?"

Swali hilo nilishawahi kulijibu. Miaka mitatu nyuma nilisema ukweli wote, 45,000, wakaniongezea hadi 54,000 na nikashukuru kabisa. Baadaye nikajua jamaa wa dawati la pili, kazi ileile, anapata 85,000. Hakuwa amenishinda kwa lolote. Alitoka tu mahali palipolipa vizuri.

Kwa hivyo safari hii nilikuwa nimejipanga. Nilikuwa nimeuliza watu watatu wanaofanya kazi kama hiyo. Nikamwambia, "Kwa majukumu uliyonieleza, natafuta kati ya 90,000 na 110,000 kabla ya makato. Inaingia kwenye bajeti yenu?" Hayo maneno "kabla ya makato" usiyasahau. Ukitaja ile inayofika kwa akaunti, baada ya PAYE, NSSF, SHIF na ushuru wa nyumba, wao watadhani unataja mshahara mzima.

"Naelewa," akasema, "lakini mteja wangu anataka namba ya sasa."

"Mkataba wangu unasema mshahara ni siri. Ningependa kuuheshimu, vile nitaheshimu wa mteja wako." Ilikuwa kweli, kipengele kipo. Kama chako hakina, sema tu kwamba ungependa kuliacha hilo kando.

Akarudia mara ya tatu: bila namba hawezi kunipeleka mbele. Manze, nilitamani kudanganya. Lakini namkumbuka rafiki yangu aliyejiongezea 30,000 mdomoni, halafu wakaitisha pesilipu za miezi mitatu. Barua yake ya ajira haikutoka.

Nikasema, "Basi dada, niambie wametenga kati ya ngapi, nami nikwambie sasa hivi kama tunapotezeana muda."

Kimya. Matatu nzima nadhani ilisikia moyo wangu. Kisha akashusha sauti: "Hawataki kupita mia."

"Hiyo tunaweza kuongea," nikasema.

Si kila mara inafaulu. Kuna fomu moja ya mtandaoni iliyokataa kwenda mbele bila mshahara wa sasa. Niliandika 0, nikaeleza sababu chini kwenye maoni, na sikusikia kutoka kwao tena. Ukiwa huna kodi ya mwezi huu, pengine utataja tu namba, na sitakulaumu. Ila ukiitaja, mwambie palepale kiasi unachotafuta, kabla hajaanza kukuhesabia asilimia.

Barua ilikuja na 95,000. Wiki ya pili kazini wakaitisha pesilipu yangu ya mwisho, eti ya faili. Nikawapa.