Mahafali ya Nani?

Barua yangu ya kwanza ilikuwa na sentensi mbili, na msimamizi aliirudisha kabla chai yangu haijapoa. Alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Mahafali ya nani?"

Swali halali kabisa. Nilikuwa nimeandika: "Naomba ruhusa ya siku moja kuhudhuria mahafali." Novemba na Desemba kila mtu Singida ana mahafali. Kuna ya darasa la awali, ya kwaya, ya mtoto wa jirani aliyemaliza ufundi cherehani. Msimamizi aliona nimealikwa kwenda kula pilau. Na ukweli ni kwamba niliandika hivyo makusudi, nikitumaini atafikiri hivyohivyo na kunipa siku yenyewe bila maswali.

Mimi ni karani wa mzani katika kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti mjini Singida. Mkulima anashusha magunia, napima, naandika kilo kwenye daftari na kwenye stakabadhi, anakwenda kulipwa. Kwa miaka 6 nilikuwa pia mwanafunzi wa shahada ya biashara katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa aina yangu, wanaosoma huku wakifanya kazi. Kina kituo hapahapa mkoani, hivyo sikuhitaji kuhama. Nilisoma usiku, na mitihani niliifanya kwa siku zangu za likizo. Kazini hakuna aliyejua isipokuwa dada wa stoo.

Kwa nini nilificha? Kabla yangu kulikuwa na karani aliyetangaza kuwa anasoma. Tangu siku hiyo kila akichelewa dakika 10 aliambiwa, "Msomi huyo, mawazo yako darasani." Msimu ulipoisha mkataba wake haukuongezwa. Labda sababu ilikuwa nyingine, sijui. Mimi nilijifunza kufunga mdomo.

Sasa nikatakiwa kuufungua, tena kwa maandishi.

Dada wa stoo alinishauri njia fupi. "Mdogo wangu, ua mtu," akasema. "Sema bibi amefariki. Nani atakukatalia msiba?"

Nilicheka, lakini jioni nilikwenda kuisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kwenye simu. Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Sheria inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo, likizo ya ugonjwa, likizo ya uzazi, na angalau siku 4 za malipo akiuguliwa au kufiwa na mtoto, au akifiwa na mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Bibi yumo kwenye orodha. Mahafali hayamo. Kufiwa ni haki yangu. Kuhitimu ni ombi. Anayeomba siku ya mahafali yake kwenye kampuni binafsi anaomba hisani ya mwajiri, au anaomba ikatwe kwenye siku 28. Zangu zilikuwa zimekwisha kwenye vyumba vya mitihani.

Bibi yangu yuko hai, yuko Ikungi, na bado anapalilia. Nilishindwa kumuua kwa ajili ya siku moja. Pia kuna jambo la kawaida sana: uongo wa msiba una mwaliko ndani yake. Kiwandani kwetu mtu akifiwa, wenzake huchanga na kutuma wawakilishi. Wangefika Ikungi na rambirambi, wamkute marehemu shambani.

Nikaandika barua ya pili. Ilikuwa kurasa mbili na nusu. Nilianza na marehemu baba, nikaja kwenye ada, nikaeleza jinsi umeme ulivyokuwa ukikatika usiku wa kuamkia mtihani. Nilipoisoma asubuhi niliona aibu. Kurasa zote hizo, na tarehe ninayoomba ilikuwa ukurasa wa pili, katikati ya aya. Msimamizi ana dakika mbili za kusoma barua huku mtambo unanguruma nyuma yake. Anataka kujua mambo machache tu: siku gani, kwa nini, nani atakaa kwenye mzani, na utarudi lini. Mengine yote yanamlazimisha akuhurumie, na mtu anayelazimishwa kuhurumia hutafuta sababu ya kukataa.

Hivyo barua ya tatu niliijenga kwa maswali hayo. Juu kulia anwani yangu na tarehe. Chini yake kushoto, Mkurugenzi, na mstari wa "Kupitia kwa: Msimamizi," maana barua inayomruka msimamizi hurudi kwake ikiwa imeshageuka kesi. Halafu kichwa cha habari, ambacho kwangu ndicho kilichokuwa kigumu. Tarehe nimeziacha wazi hapa:

YAH: MAOMBI YA RUHUSA YA SIKU MOJA KUHUDHURIA MAHAFALI YANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni karani wa mzani katika kiwanda chako. Naomba ruhusa ya siku moja, Alhamisi tarehe …, ili nihudhurie mahafali yangu ya shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, yatakayofanyika Bungo, Kibaha.

Siku zangu za likizo ya mwaka zimekwisha, hivyo niko tayari siku hiyo iwe bila malipo. Karani wa stoo amekubali kushika mzani, na nitamkabidhi daftari na stakabadhi Jumatano jioni. Nitarejea kazini Ijumaa tarehe … saa 2:00 asubuhi.

Nimeambatanisha nakala ya tangazo la chuo lenye tarehe ya mahafali.

Wako katika kazi,

Hapo sahihi, jina, cheo, namba ya simu. Ukurasa mmoja, na nafasi ikabaki chini kwa ajili ya mkurugenzi kuandika jibu lake.

Kila sentensi ilikuwa na kazi. "Karani wa stoo amekubali" niliiandika baada ya kumwomba dada kweli, kwa sababu ukiandika jina la mtu asiyejua, anaitwa mbele yako na barua inafia hapo. Kiambatanisho nilikiweka ili mtu asilazimike kuniamini kwa maneno matupu. Nilipeleka siku 9 kabla. Barua inayofika siku moja kabla si ombi tena, ni taarifa, na wakubwa hawapendi kutaarifiwa na wadogo. Nilipiga nakala moja, nikaomba igongwe muhuri wa kupokelewa.

Lakini neno lililonitoa jasho lilikuwa "yangu." Kwenye barua ya kwanza nilikuwa nimelikimbia. Ukilitoa, unabaki mgeni mwalikwa. Ukiliweka, umekiri kwamba kwa miaka 6 ulikuwa na maisha mengine ambayo mwajiri wako hakuyajua.

Na siku moja ilikuwa ya kweli? Kutoka Singida hadi Kibaha ni zaidi ya kilomita 600. Zamani ningelazimika kuomba siku tatu, kwa sababu mabasi hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha. Tangu mwaka 2023 yanaruhusiwa. Basi la Jumatano usiku kutoka stendi ya Misuna linapita Manyoni, Dodoma na Morogoro, linafika Kibaha alfajiri. La Alhamisi jioni linarudi njia ileile. Likiharibika Gairo, ahadi yangu ya saa 2:00 imekufa. Niliikubali hatari hiyo kwa sababu kuomba siku tatu kungemfanya mkurugenzi aulize kama mzani wake unahitaji karani kweli.

Aliniita siku ya tatu. Barua ilikuwa mezani, tangazo limekunjuliwa.

"Hii shahada, usipokwenda wanakunyima?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa, kwa sababu jibu la kweli linaua ombi. "Hapana, Mzee. Asiyehudhuria anatunukiwa vilevile. Cheti anakifuata baadaye."

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

Sikuwa nimeliandaa jibu. Nikamwambia kuhusu mama. Mama analima alizeti, na kwa misimu yote hii amekuwa akileta magunia yake hapa, anapanga foleni kama wengine, nampimia, namwandikia kilo zake, anaenda dirishani kuchukua hela. Sehemu ya hela hiyo ilirudi kwangu kama ada. Hakuwahi kunisalimia kwa jina mbele ya mzani, ili watu wasiseme nampendelea. "Yeye ndiye anayetaka kwenda, Mzee. Ameshashona gauni."

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza swali la pili. "Ukishavaa hilo joho, utaniacha lini?"

Ningeweza kusema sitaondoka. Badala yake nikamwambia kwamba nikipata kazi ya uhasibu nitaiomba, na kwamba nikiondoka nitatoa taarifa kwa maandishi, kama hii. Alichukua kalamu. Chini ya sahihi yangu akaandika: "Imekubaliwa. Bila malipo." Nilikuwa nimelijitakia mwenyewe hilo la pili, lakini liliuma kidogo.

Kibaha tulifika kumeanza kupambazuka. Mama alinawa uso kwa maji ya chupa, akavaa gauni kwenye choo cha kulipia. Wahitimu wa shahada ya kwanza hawaitwi mmojammoja. Mnaitwa kwa jina la shahada, mnasimama pamoja, Mkuu wa Chuo anatamka maneno ya kuwatunuku, mnaketi. Haikufika dakika mbili. Nilipogeuka nilimwona mama amesimama pia, peke yake katika safu yake, mikono imeshika mkoba, kama mtu aliyeitwa na yeye.

Ijumaa basi lilituingiza Misuna saa 12 na nusu. Nilimpandisha mama gari la Ikungi, nikanawa, nikafika kazini saa 2 kasoro dakika 10. Dada wa stoo alinikabidhi daftari, kila kilo imeandikwa kwa mwandiko wake mkubwa. Mkulima wa kwanza alikuwa ameshashusha magunia 7.

Msimamizi alipita na faili langu mkononi. Akasimama.

"Mahafali yalikuwa ya nani?" akauliza.

"Yangu," nikasema, nikapandisha gunia la kwanza.