Weka stilwaya chini, mlango wa jikoni hauna kosa

Kila mwisho wa mwezi kuna msee anahama, na kila anayehama ana vita na mlango wa jikoni. Mwenye nyumba anakuja kukagua, anaona alama za vidole kuzunguka kitasa na ile ngozi ya manjano inayonata, anasema mlango lazima upakwe rangi upya na pesa itoke kwa dipoziti. Maoni yangu ni haya: mara nyingi rangi iko sawa kabisa huko chini. Kinachoiharibu ni vile tunavyoisugua kwa hasira siku ya mwisho, na hapo ndipo tunampa mwenye nyumba sababu ya kweli ya kukata pesa.

Kwanza tuelewe ile ngozi ni nini. Ukikaanga, matone madogo sana ya mafuta hupanda na mvuke na kutua kwa mlango. Yakikaa hapo miezi, hewa huyabadilisha: yanakauka, yanashikana, yanakuwa utando mgumu. Sasa fikiria jina tunaloita rangi ya milango: rangi ya mafuta. Si jina tu. Rangi nyingi za aina hiyo zina mafuta ya mimea ndani yake, na zinakauka kwa njia hiyo hiyo, kwa kushikana na hewa. Yaani uchafu ulio juu na rangi iliyo chini ni ndugu. Ndiyo maana chochote kikali cha kutosha kula utando wa zamani kwa dakika moja kitakula pia rangi. Magadi, dawa ya kusafishia ovena, thina ya fundi: zote hazijui kutofautisha ndugu hao wawili. Stilwaya ndiyo mbaya zaidi, pamoja na ule upande wa kijani wa sponji, kwa sababu zinakwaruza mng'aro, na mlango uliokwaruzwa unashika mafuta haraka kuliko mwanzo. Blichi nayo haiyeyushi mafuta. Inaweza kupausha doa, lakini kunata kunabaki.

Kwa hivyo silaha yetu si nguvu, ni muda. Nitaeleza kwa mlango niliosafisha na binti ya shangazi yangu alipokuwa anahama Kahawa. Ulikuwa mlango wa mbao wa rangi ya krimu, hatua mbili kutoka kwa meko, miaka miwili ya chapati na omena.

Tulianza na kitambaa kikavu, tukapangusa vumbi lote, kwa sababu vumbi likikutana na maji linakuwa matope ya kusugua rangi. Halafu tukatia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa lita moja ya maji ya moto, moto wa kuvumilika kwa mkono. Kabla ya kugusa mbele, tulijaribu pembeni karibu na bawaba, mahali hakuna anayeona. Kitambaa cheupe kikitoka na uchafu wa kahawia, endelea. Kikitoka na rangi ya mlango wenyewe, acha, kwa sababu hiyo ni rangi ya maji au imeshachoka, na hiyo unaipangusa tu kwa wepesi na kitambaa kilichokamuliwa sana.

Chetu kilitoka kahawia. Tukaloweka kitambaa laini, tukakikamua hadi kisidondoshe, tukakibandika juu ya alama za vidole kwa dakika tatu hivi bila kusugua. Hapa ndipo watu hukosa subira. Sabuni inahitaji muda wa kuingia chini ya mafuta. Ukiondoa kitambaa, unapangusa kufuata mwelekeo wa mbao, na uchafu unakuja wenyewe. Tulianza chini tukapanda juu, kwa sababu maji machafu yakichuruzika juu ya sehemu kavu yenye mafuta yanaacha michirizi migumu kutoa. Baada ya kila sehemu, kitambaa cha pili cha maji safi, kisha cha tatu kikavu. Maji yakiwa ya kijivu, mwaga, tia mengine. Na usiloweshe ukingo wa chini wa mlango. Mara nyingi fundi hakuupaka rangi, mbao inakunywa maji, inavimba, na mlango unaanza kukwama.

Raundi mbili zilimaliza karibu kila kitu. Kulibaki mkanda unaonata juu kabisa, kule mvuke hufika. Hapo tulifunga gesi kwenye mtungi, tukafungua dirisha, tukaweka matone machache ya mafuta ya taa kwa kitambaa na kupitisha mara moja moja. Mafuta ya taa hulainisha mafuta ya kupika bila kugusa sana rangi iliyokauka vizuri, lakini yanaacha utando wake na harufu, kwa hivyo lazima uoshe tena kwa sabuni. Kitambaa hicho kikaushe nje, mbali na moto.

Mkono wa kitasa una mambo yake. Uchafu mwingi hukaa kwenye mkunjo, pale mkono unapoingia kwa bamba. Chovya mswaki wa zamani kwa maji ya sabuni, ukung'ute, zungusha hapo, kisha kausha. Usimwagie maji, yataingia kwa tundu la ufunguo na kitasa kianze kushika kutu. Na hiyo ya limau na chumvi usijaribu kwa mkono wa rangi ya dhahabu. Mingi si shaba tupu, ina koti jembamba tu juu, na ukilitoa halirudi.

Utajuaje umemaliza? Acha mlango ukauke nusu saa, kisha pitisha kidole. Kidole kikiteleza kwa ulaini wa mafuta au kikinata, bado. Pia washa tochi ya simu, iweke ubavuni mwa mlango: mafuta yaliyobaki yanaonekana kama mawingu.

Lakini kuna vitu viwili ambavyo si uchafu, na ukivisugua unajichosha bure. Cha kwanza ni umanjano wa rangi yenyewe. Rangi nyeupe ya mafuta hugeuka manjano ikizeeka, hasa mahali pasipo na mwanga. Linganisha mbele na ule ukingo wa bawaba. Kama manjano ni sawa pande zote mbili na kidole hakinati, hiyo ni umri, si mapishi yako. Cha pili ni mlango wa vanishi unaonata karibu na kitasa, unaosha leo, kesho unanata tena. Jasho na mafuta ya mikono ya miaka mingi yamelainisha vanishi yenyewe. Hapo sabuni haina kazi. Fundi apige msasa sehemu hiyo na kupaka vanishi mpya.

Na hivyo viwili ndivyo vya kumwonyesha mwenye nyumba siku ya ukaguzi. Piga picha za mlango kabla na baada, mwonyeshe ukingo wa bawaba, mwache apitishe kidole chake mwenyewe. Rangi iliyozeeka ni gharama ya nyumba, si ya mpangaji. Ila huwezi kusema hivyo ukiwa umeshaikwaruza na stilwaya.