Karatasi ya kuhama

Mama mmoja aliyekimbilia hapa Piana-Mwanga aliniuliza kama zamani watu walihama bila kuombwa karatasi. Hapana, mama.

Wakati wa Wabelgiji, Kalemie iliitwa Albertville. Wazungu walikaa mtaa wao, Weusi walikaa site. Usiku Mweusi hakutembea mtaa wa Wazungu bila ruhusa iliyoandikwa. Na mwanakijiji aliyetaka kutoka sheferi yake zaidi ya siku 30 alihitaji pasipoti ya kuhama. Mkubwa akikataa, unabaki. Mzungu hakuombwa hiyo.

Watu walifanya nini? Wengi walitoka kimya, wakapokelewa na ndugu zao mjini. Polisi wakiwashika bila karatasi, wanarudishwa kijijini; wengine walitoka tena.

Wengine waliweka kazi chini. Desemba 1941, Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, wafanyakazi Weusi wa Union Minière waligoma wakidai mshahara, baada ya Wazungu kupata nyongeza. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Askari walipiga risasi, na Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, akauawa.

Mama alinyamaza, kisha akaniambia: "Basi babu yangu naye alikuwa mkimbizi."