Barua ya Bureti Kumi na Mbili

Nilikuwa mwakilishi wa darasa, mwaka wa pili wa kemia, wenzangu waliponituma nimwandikie Mkuu wa Kitivo kuhusu uhaba wa vifaa vya maabara. Rasimu ya kwanza ilitoka kwenye kikao chetu, na hasira yake ilikuwa ya haki. Ilisema hali ni mbaya, vifaa havitoshi, tunaomba hatua za haraka.

Barua kama hiyo hupitia kwa Mkuu wa Idara. Aliisoma, akaniuliza, "Mmepungukiwa nini, kiasi gani, kwa kazi ipi?" Kisha akanielekeza kwa fundi sanifu wa maabara.

Mzee yule alinifungulia kabati, tukazipima bureti zote. Tulizijaza maji hadi alama ya sifuri, tukafunga koki, tukasubiri dakika kumi. Iliyoshuka maji ilikuwa inavuja. Mvujo huo una madhara makubwa: tone la tindikali linalotokea ubavuni mwa koki halifiki kwenye chupa yenye besi, lakini bureti imelihesabu. Mwanafunzi anaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado akapata jibu la uongo. Kati ya bureti 21, nzima zilikuwa 12. Sita zilihitaji koki mpya tu, na tatu zilikuwa zimevunjika ncha.

Darasa lilikuwa na watu 96, yaani wanane kwa bureti moja nzima. Mmoja hupima mara ya kwanza kwa kukadiria, halafu hurudia mpaka apate majibu yasiyopishana zaidi ya mililita 0.1. Kwa kasi yetu hiyo ilichukua kama dakika 25. Wanane wakipeana zamu, ni dakika 200, na kipindi kilikuwa cha saa tatu, dakika 180. Ndiyo maana kila kundi lilikuwa na mpimaji mmoja na wanakili saba. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kufungua koki tone kwa tone na kuona njano ya methili oranji ikigeuka rangi ya chungwa.

Hesabu hiyo ndiyo ikawa barua. Chini ya "Yah:" na "Husika na kichwa cha habari hapo juu" tuliweka maombi mawili. La kwanza, koki sita zinunuliwe. La pili, darasa ligawanywe zamu mbili za watu 48, ili kwa bureti 18 kila moja iwe na wanafunzi wasiozidi watatu. Tulieleza pia gharama yake: fundi na mwalimu wangelazimika kukaa maabara mara mbili kwa wiki, nao walikuwa wamekubali.

Mkuu wa Kitivo aliidhinisha zamu muhula uleule. Koki zilifuata baadaye. Bureti mpya hatukuzipata mpaka tunahitimu, lakini kila mmoja wetu alifanya mtihani wa vitendo akiwa ameshapima kwa mkono wake mwenyewe.