Kambuzi, Si Kadogo

Hadithi ya ndugu Grimm ya mbwa mwitu na wana saba wa mbuzi, iliyochapwa mwaka 1812, niliikuta kwa Kifaransa. Niliitafsiri sentensi kwa sentensi, kisha nikawasomea watoto wa majirani hapa Mangobo. Walisikiliza kimya. Mama mbuzi alibisha hodi, adui akabisha mara tatu, na hakuna mtoto aliyefungua kinywa.

Kosa lilikuwa katika maneno ya mlangoni. Nilikuwa nimeandika: “Nifungulieni, wanangu, mama yenu amerudi na chakula.” Maana ilikuwepo, lakini sikio halikupata cha kushika. Vitenzi vyetu vingi huishia kwa -a, kwa hiyo kina cha -a peke yake hakisikiki kama kina. Tena mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto anataka silabi mbili zifanane. Amri ya watu wengi, -eni, inazo zote mbili:

Ko ko ko, wana, fungueni!
Majani haya, pokeeni!

Mizani tisa kwa tisa. Jioni ya pili waliimba nami, ila wao walisema “funguleni”, kama tunavyosema nyumbani. Ile l haikuongeza silabi, nami nikaiandika.

Mbwa mwitu nilimgeuza chui, maana waliposikia “mbwa” walimfikiria mbwa wa uani. Katika asili, adui anajulikana kwa sauti nzito. Mimi nilimpa pia neno lisilo lake: anapobisha mara ya kwanza anasema “chukueni” badala ya “pokeeni”. Kina na mizani vinabaki, neno moja tu linamsaliti. Watoto walipiga kelele: “Si mama!” Mara ya pili analisema sawasawa, lakini mguu wake wenye madoa unaonekana. Mara ya tatu ameupaka unga wa muhogo, na hapo uani pakawa kimya tena, kimya cha hofu.

Limebaki jina. Mwana wa mwisho, anayejificha na kupona, nilimwita Kadogo. Kwangu lilikuwa ka- ya udogo tu. Baada ya hadithi, mama mmoja aliniita pembeni. “Mwanangu, jina hilo liondoe. Wakati wa vita tuliwaona makadogo wakipita hapa na bunduki ndefu kuliko wao.” Mji wetu ulitekwa Machi 1997, kabla sijazaliwa. Kamusi isingenionya.

Sasa anaitwa Kambuzi. Kiambishi ni kilekile, silabi ni tatu vilevile, kwa hiyo sikubadili kitu kingine katika hadithi. Mama yule alirudi Jumamosi iliyofuata, akakaa nyuma ya watoto. Nilipofika mlangoni kwa mbuzi, nilimsikia naye akisema ko ko ko.