Mwenye Duka Akitaka Bei Kando Kando, Mpe

Wasee wa kamera, leo tuongee kuhusu meseji moja ambayo wengi wetu huiona na kukunja uso. Hii nilitumiwa na mama mwenye duka la mapazia Eastleigh. Ameniruhusu kuiweka hapa bila jina lake:

"Habari yako kijana wangu. Niliona kazi uliyomfanyia rafiki yangu wa vitambaa, ni nzuri. Mimi nataka video kama nane za kutangaza duka, za TikTok na Instagram. Lakini usinitumie bei moja tu. Niandikie kila kitu kando kando nione pesa inaenda wapi. Mwaka jana mwingine aliniandikia elfu themanini, mstari mmoja, nikakosa hata pa kuuliza. Nataka zianze kutoka kabla ya Disemba."

Nilipowaonyesha maboys wawili tunaofanya kazi pamoja, wote walisema kitu kimoja: huyu ni mgumu, anataka kukata mstari mmoja mmoja mpaka ubaki na nauli. Mpe bei ya jumla, akikataa songa.

Mimi sikubaliani. Fikiria huyu mama anauza nini. Mteja akiingia kwake kuuliza pazia la sebule, hamwambii "elfu kumi na tano" halafu anyamaze. Anamhesabia mita za kitambaa, shia, ringi, rodi, pesa ya kushona na ya fundi wa kwenda kufunga. Mteja akiona ni nyingi, anatoa shia, au anasema rodi anazo nyumbani. Hiyo ndiyo lugha ya biashara yake. Mtu kama huyo ukimpa mstari mmoja, kwake ni kama umeficha kitu.

Shida halisi ni kwamba wengi wetu hatujui tugawanye vipi. Msee anaandika: kamera elfu nane, lenzi elfu tatu, taa elfu nne, maiki elfu mbili. Hapo umejichimbia shimo, kwa sababu mwenye duka atakujibu kwamba ana simu nzuri, kwa hivyo toa kamera. Na hatakuwa amekosea, ni wewe umemwambia anakodisha vyuma. Mimi huandika kila mstari kulingana na kitu ambacho mteja anaweza kuamua: siku ngapi, video ngapi, marekebisho mara ngapi. Vyuma vinaingia ndani ya siku ya kushuti, basi.

Kabla ya kuandika bei yoyote nilimuuliza maswali machache. Nani ataongea kwenye video? Akasema msichana wake wa dukani, kwa video tatu, hizo zingine tano ni mapazia yenyewe na muziki. Kuna video atalipia zisukumwe kama tangazo? Mbili. Nani ndiye wa mwisho kusema video iko sawa? Hapo alikawia kidogo, halafu akaandika, "Mimi na mzee." Hilo jibu lina pesa ndani yake, nitalirudia.

Basi nikamtumia hii:

Kutembelea duka na kuandika mpango wa video nane: 6,000
Kushuti siku 2, kila siku 12,000, vifaa vyote ndani: 24,000
Msaidizi siku 2, kila siku 2,500: 5,000
Kuediti video 8, kila moja 3,500, pamoja na maandishi na marekebisho mara moja: 28,000
Usafiri na chakula: 3,000
Kukuhifadhia kazi miezi mitatu: 2,000
Jumla: 68,000

Chini yake nikaweka vitu ambavyo havimo, na bei zake: marekebisho ya mara ya pili ni 800 kwa video, na klipu zote ambazo hazijaeditiwa ni 10,000. Hii sehemu ya chini ndiyo wengi huiacha, na ndiyo inayoleta vita mwezi unaofuata.

Jibu likaja baada ya lisaa. "Asante, sasa naelewa. Mbona siku mbili? Video ni fupi fupi. Na huyo msaidizi toa, kijana wangu atakushikia vitu."

Unaona? Hakusema "punguza." Ameweka kidole kwenye mistari miwili, na mstari ukiwekewa kidole unaweza kuujibu kwa hesabu. Nilimwandikia hivi: video moja ya sekunde arobaini inachukua karibu dakika 45 kushuti vizuri. Lakini kabla ya kila moja lazima pazia litolewe kwenye paketi, lipigwe pasi na kutundikwa, la sivyo mikunjo yote itaonekana. Hiyo ni nusu saa nyingine. Zidisha kwa nane, unapata saa kumi, na bado sijaweka saa moja ya kupanga taa. Ndiyo maana ni siku mbili.

Yeye akauliza swali ambalo sisi hatuulizi: "Na fundi wangu akitundika zote usiku wa kuamkia hiyo siku?"

Manze, hapo ndipo niliwakumbuka wale maboys. Kama fundi ameshapiga pasi na kutundika, ile nusu saa inashuka hadi kama dakika kumi za kusogeza na kunyoosha. Dakika 55 mara nane ni saa saba na dakika ishirini. Tukianza kupanga saa moja asubuhi, kufikia saa mbili tunashuti zile tatu za kuongea kabla jengo halijachangamka, kwa sababu maiki haichagui, inanasa hata mikokoteni ya nje. Zile tano zisizo na sauti zinafuata baada ya chakula hata kama duka limefunguliwa, na saa kumi jioni tumemaliza. Siku ya pili ikafutika. Kwake imetoka 12,000 ya kushuti, 2,500 ya msaidizi na 1,000 ya usafiri. Jumla mpya ikawa 52,500.

Kwangu je, nimepoteza? Nimepoteza siku moja ya malipo, ndiyo, lakini nimeirudisha siku yenyewe, na naweza kuiuza kwa mtu mwingine. Bei yangu ya siku haijaguswa na bei ya kuediti haijaguswa. Angeomba punguzo la elfu kumi na tano kwenye mstari mmoja wa 68,000, ningefanya kazi ile ile kwa pesa kidogo. Hapa kazi yenyewe ndiyo imepungua.

Msaidizi nilikataa kumtoa, na nikamwambia kwa nini. Mimi nikiwa nyuma ya kamera siwezi kushika taa, kusikiliza sauti na kupeperusha pazia kwa wakati mmoja. Kijana wake atakuwa anaitwa na wateja kila dakika tano. Akakubali bila maneno mengi.

Kitu cha muziki kikaja pia. Alitaka wimbo fulani unaotrendi, akasema mbona watu wote wanautumia. Watu wote, sawa, lakini akaunti yake ni ya biashara. TikTok huzipa akaunti za biashara maktaba yao ya muziki ulioruhusiwa kwa matangazo, na hizo nyimbo kali nyingi hazimo. Ukilazimisha wimbo kwa kuuediti ndani ya video, inaweza kuzimwa sauti, na zile mbili anazotaka kulipia zisukumwe zinaweza kukataliwa kabisa. Kwa hivyo nikaandika kwenye kotesheni: muziki utatoka kwenye maktaba iliyoruhusiwa, na mteja akitaka wimbo mwingine, ruhusa atatafuta yeye. Sentensi moja tu, haina hata bei, lakini ndiyo itakayoamua nani anabeba lawama sauti ikizimwa.

Sasa "mimi na mzee." Hapa ndipo kazi za aina hii huoza. Mama anapenda video, anakwambia iko sawa, siku tatu baadaye mzee anaiona akiwa kitandani na anataka rangi nyingine. Nilimwomba anitumie marekebisho yote kwa meseji moja, wakiwa wameangalia wote wawili, ndani ya siku nne. Nikafafanua pia neno lenyewe. Kubadilisha maandishi, kufupisha au kubadilisha muziki ni marekebisho. Kutaka pazia la kijani mahali pa la bluu ni kushuti upya, na ina bei ya siku. Pia nilimshauri bei za mapazia tusiziandike ndani ya video, tuziweke kwenye maelezo chini, kwa sababu kitambaa kikipanda Januari hatalazimika kunilipa niiediti video upya.

Malipo tuliweka nusu kwanza, 26,250, na nusu nyingine kabla ya kutuma video safi. Drafti atazipata zikiwa na jina langu limekaa katikati. Aliomba pia ankara ya eTIMS kwa sababu mhasibu wake hamkubalii tena matumizi bila hiyo. Tangu Januari 2024 sheria ya kodi inataka hivyo, kwa hivyo kama bado unaandikia maduka risiti za mkono, jua kwamba mwenye duka makini atakupita akaenda kwa mwenye ankara. Na kotesheni yenye mistari inageuka ankara kwa dakika mbili.

Nusu ya kwanza iliingia M-Pesa jioni hiyo hiyo. Jana nilienda kuliona duka kama mstari wa kwanza unavyosema, na ile 6,000 ikajilipa yenyewe. Taa za dukani zilikuwa zinamemeteka kwenye kamera nikishuti kwa 1/60. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, nikashuka 1/50 zikatulia. Halafu zile shia: kitambaa chenye nyuzi nyembamba hivyo hutokeza mistari ya mawimbi inayocheza kwenye picha, hasa ukiwa umbali fulani. Kioo kidogo cha kamera kinaweza kudanganya, kikaonyesha mawimbi yasiyokuwepo au kuficha yaliyopo, kwa hivyo nilifungua klipu kwenye leptopu nikaikuza. Yalikuwepo. Nikisogea hatua mbili mbele yanapotea.

Nimemwambia fundi atundike shia karibu na mlango, ambako kuna nafasi ya kusogea. Tunashuti Jumapili. Mama ameshauliza bei ya video nne za Idd, na nimemwambia gharama ya kutembelea duka haitakuwepo tena, kwa sababu taa zake sasa nazijua.